Vali ya umeme kwa bustani ya tangi la mnarani: soma namba ndogo kwanza

Vali za umeme za kumwagilia zinazouzwa kwa wingi mitandaoni na kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ni zile za plastiki nyeupe, nusu inchi, zenye koili juu na pini mbili za kuchomekea waya. Bei yake ni ndogo na kazi yake ni nzuri, ila zimetengenezwa kwa maji yenye msukumo, kama ya bomba la mtaani au ya pampu. Ukiifunga chini ya tangi lililokaa mnarani mita tatu, utasikia "tak!" ya koili, kisha maji yatachuruzika kama mkojo wa paka, na ukizima umeme huenda yakaendelea kudondoka. Vali haijaharibika wala fundi hajakosea kufunga. Ni namba moja kwenye lebo ambayo haikusomwa.

Mwongozo huu ni wa mwenye tangi la juu na bustani chini yake, kwa sababu huko ndiko makosa mengi yanakotokea. Mwenye maji ya bomba au pampu ataukuta wepesi zaidi, na mahali anapotofautiana nitapataja.

Hatua ya kwanza: jua presha yako kabla ya kwenda dukani

Kwa maji ya tangi huhitaji geji. Chukua futi kamba, pima kutoka pale vali itakapokaa hadi usawa wa maji ndani ya tangi. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban ba 1 ya presha, kwa hiyo kila mita moja ni sehemu ya kumi ya ba. Pima mara mbili: kimo cha tangi likiwa limejaa, na kimo cha kitako chake, yaani tangi likiwa linakaribia kuisha. Hesabu yako ifanye kwa kile kimo cha pili, maana vali inayofanya kazi asubuhi tangi limejaa na kugoma jioni itakusumbua kuliko isiyofanya kazi kabisa.

Umbali wa tangi kwenda pembeni hauongezi presha, bali unaipunguza. Mita 15 za bomba la nusu inchi zikipitisha lita 10 kwa dakika hula karibu mita nzima ya kimo chako. Ukiweka bomba la robo tatu kwa umbali huohuo na maji yaleyale, hasara hushuka hadi kama robo ya mita. Kwenye tangi la mnarani, kubadilisha bomba kuwa la robo tatu mara nyingi kunasaidia kuliko kubadilisha vali.

Mwenye bomba la mtaani au pampu afunge geji ya presha kwenye koki ya nje, afunge koki nyingine zote, asome. Asome tena usiku wa manane. Mtaa ukilala na watu wakaacha kutumia maji, presha hupanda, na hiyo ya usiku ndiyo vali yako itakayoibeba.

Hatua ya pili: soma namba mbili za presha

Lebo ya vali ya kawaida husomeka hivi:

```
DC12V  NC
0.02-0.8MPa
G1/2
```

Kipimo cha MPa kizidishe kwa 10 upate ba. Hapo juu basi tunasoma kuwa vali inafanya kazi kati ya ba 0.2 na ba 8. Wanunuzi wengi huangalia 8, wakaridhika kwamba vali ni imara. Kwa tangi, namba inayoamua ni 0.2, ambayo ni mita 2 za maji. Vali nyingi za bustani zenye koili ya volti 24 AC, zile za mifumo ya nyasi na vinyunyizi, ndizo ngumu zaidi: namba yao ya chini huwa ba 1 au zaidi, yaani mita 10 za kimo. Huwezi kuipata kwenye mnara wa nyumbani.

Kwa nini vali idai presha ili ifunguke? Kwa sababu koili yenyewe haifungui njia kuu ya maji. Ndani kuna kiwambo cha mpira kilicholala juu ya njia. Maji huingia juu ya kiwambo kupitia tundu dogo sana, na presha yake pamoja na springi hukigandamiza chini, vali imefungwa. Umeme ukija, koili huinua pini ndogo ya chuma na kufungua tundu jingine linalomwaga yale maji ya juu kuelekea upande wa kutokea. Presha ya juu ya kiwambo inashuka, ya chini inabaki, na tofauti hiyo ndiyo inayokiinua. Koili imefanya kazi ya kitufe tu, nguvu yote ni ya maji. Ndiyo maana koili yake ni ndogo, hula wati 5 hivi. Ndiyo maana pia maji yasipokuwa na nguvu, kiwambo hakiinuki vizuri, na wakati wa kufunga hakikandamizwi vizuri.

Kuna jambo moja linalofichwa na lebo. Ile 0.2 ni tofauti kati ya presha ya kuingia na ya kutoka wakati maji yanapita. Kwa hiyo hata ukiwa na mita 3, vali inabaki na karibu mita 2 kwa matumizi yake, na mirija yako ya matone inapewa moja iliyobaki. Bustani itapata maji, lakini mwisho wa laini mimea itakauka huku wewe ukilaumu mirija.

Kwa tangi la juu tafuta vali ambayo namba yake ya kwanza ni sifuri: 0-0.7MPa, 0-1.0MPa na kadhalika. Zinazopatikana kwa urahisi ni za shaba ya njano zenye namba kama 2W-160-15 kwa nusu inchi na 2W-200-20 kwa robo tatu. Ndani yake pini ya koili imeunganishwa na kiwambo chenyewe, kwa hiyo koili inaweza kukivuta hata presha ikiwa karibu na sifuri. Gharama ya urahisi huo ni umeme. Koili ni nzito na hula wati 15 hadi 30 badala ya 5. Muuzaji akikuambia "zote ni zilezile, kaka, tofauti ni plastiki na shaba tu", mwombe akuoneshe lebo. Zipo za shaba zinazoanzia ba 0.5, na rangi ya njano haitakusaidia chochote.

Namba ya juu kwa mwenye tangi ni ya kusoma na kupita, hakuna mnara wa nyumbani utakaofika ba 7. Kwa mwenye bomba la mtaani au pampu, chukua vali yenye kikomo kinachofika angalau mara mbili ya presha uliyoisoma usiku. Nafasi hiyo ni ya ule mgongano wa maji unaousikia ukutani koki ikifungwa ghafla. Maji yaliyokuwa yanakimbia husimama kwa mara moja, na presha huruka kwa ba kadhaa kwa muda mfupi mno, mara nyingi zaidi kwenye bomba refu la chuma kuliko la plastiki. Ukisikia "dung!" kila vali inapofunga, punguza kasi ya maji kwa bomba pana au koki iliyokazwa kidogo kabla ya vali, usisubiri kiungio kipasuke.

Hatua ya tatu: hakikisha ni NC, na ujue NC inakulinda dhidi ya nini

Herufi NC maana yake vali hukaa imefungwa pasipo umeme, na hufunguka umeme ukiwepo. NO ni kinyume chake. Kwa bustani chukua NC bila mjadala. Umeme ukikatika saa nane usiku katikati ya kumwagilia, NC inafunga, na tangi lako linabaki na maji. Kwa NO, kukatika kwa umeme ni kumwaga lita 1,000 kwenye matuta ya mchicha hadi yageuke bwawa.

Kuna aina mbili ambazo mara nyingi huchanganywa na NC na hazina ulinzi huo. Ya kwanza ni vali ya mdundo, ile inayotumika kwenye taima za betri za volti 9. Inapewa umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde ifunguke, na mdundo wa kinyume ifunge. Katikati haili kitu. Ni nzuri sana kwa betri, lakini betri ikifa vali ikiwa wazi, itabaki wazi. Ya pili ni vali ya gololi inayozungushwa na mota. Hii inapitisha maji vizuri hata kwa presha ya sifuri na hula umeme wakati wa kuzunguka tu, hivyo kwa tangi la juu ni mshindani wa kweli. Ila nayo hubaki pale ilipoachwa umeme unapokatika, isipokuwa ile iliyoandikwa kuwa inajirudisha yenyewe. Ukiichagua, chagua hiyo.

Dukani unaweza kuthibitisha NC bila umeme: tazama mshale kwenye mwili wa vali, puliza kwa mdomo kufuata mshale. Pumzi isipite. Usipulize kinyume cha mshale ukategemea jibu, kwa kuwa vali hizi huzuia upande mmoja tu. Kwa sababu hiyohiyo ukiifunga kinyume itavuja daima, hata iwe mpya namna gani.

Hatua ya nne: volti

Mahali penye maji, udongo, waya zilizozikwa na watoto wanaocheza peku, koili ya volti 220 haina kazi. Ipo, inauzwa, na muuzaji atakuambia haihitaji adapta. Iache. Uchaguzi wa kweli ni kati ya volti 12 DC, 24 DC na 24 AC.

Kama una betri ya sola au adapta ya kawaida, chukua 12 DC. Kama umenunua taima ya kumwagilia inayokuja na transfoma yake, itakuwa 24 AC, na vali iwe hivyohivyo. Usichanganye 24 AC na 24 DC kwa kuwa namba inafanana. Koili ya AC huzuiwa kuvuta umeme mwingi na ule mkondo unaogeuka-geuka. Ukiipa DC, kizuizi kinachobaki ni waya wake tu. Koili ya 24 AC yenye omu 30, iliyokuwa ikivuta robo ampea kwenye AC, itavuta ampea 0.8 kwenye DC ya volti 24. Hizo ni zaidi ya wati 19 ndani ya koili isiyojengwa kwa joto hilo, na harufu ya vanishi iliyoungua ndiyo taarifa yako ya kwanza na ya mwisho. Kinyume chake, koili ya DC ukiipa AC hutetemeka, hunguruma na haishiki.

Waya ndio sehemu inayosahauliwa. Koili nyingi huruhusu volti zipungue kwa asilimia 10, kwa hiyo ya volti 12 inataka angalau 10.8 ikifika kwenye pini zake. Vali ya plastiki ya wati 5 inavuta ampea 0.4 tu na itasamehe waya mwembamba. Ile ya shaba ya wati 20 inavuta ampea 1.7 na haisamehi. Kumbuka pia kuwa umeme huenda na kurudi, hivyo vali iliyo mita 18 kutoka kwenye betri ina mita 36 za waya.

Upande wa kuzidi nao upo. Betri ya volti 12 inapochajiwa na sola hufika 14.4. Joto la koili hukua kwa mraba wa volti, kwa hiyo hapo koili inapata joto mara 1.44 ya lililokusudiwa. Kwa kumwagilia alfajiri au jioni si tatizo. Kwa kumwagilia saa sita mchana, wakati sola inasukuma kwa nguvu zote, tafuta koili iliyoandikwa ED 100%, maana yake inaruhusiwa kukaa na umeme muda wote.

Mfano mmoja kwa hesabu zake

Tuseme tangi la lita 1,000 limekaa juu ya mnara wa mita 3. Likijaa, maji yanasimama kama mita 1.2 ndani yake. Vali itakaa sentimita 30 juu ya ardhi, mita 15 kutoka kwenye mnara. Bustani ina laini 12 za matone za mita 10, matundu kila sentimita 30, takriban matundu 400 kwa jumla, na kwa presha ndogo namna hii yote yanatumia kama lita 10 kwa dakika.

Kimo tangi likikaribia kuisha ni mita 3 kutoa 0.3, yaani 2.7. Likijaa ni 3.9. Kwa bomba la nusu inchi tunatoa mita moja ya hasara, tunabaki na 1.7 hadi 2.9. Vali ya plastiki inayodai mita 2 haifiki hata mlangoni tangi likiwa chini. Kwa bomba la robo tatu tunabaki na 2.45 hadi 3.65; sasa vali ya plastiki itafunguka, lakini ikishatwaa mita 2 zake, matone yanapewa chini ya nusu mita tangi likiwa chini. Haitoshi. Vali ya shaba ya robo tatu inayoanzia sifuri, kwa lita 10 kwa dakika, itakula chini ya sentimita 20. Matone yanabakiwa na zaidi ya mita 2 wakati wote. Uamuzi umekwisha: robo tatu kwa bomba na kwa vali, 0-0.7MPa, NC.

Umeme: koili ya wati 20 kwa volti 12, ikimwagilia nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, inatumia wati-saa 20 kwa siku. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84, hivyo hata siku ya mawingu inavuka. Waya wa mita 18 ukiwa wa milimita za mraba 0.75 unapoteza volti 1.4, koili inabaki na 10.6, chini ya kikomo. Ukiwa wa 1.5 unapoteza 0.7, koili inapata 11.3. Chukua wa 1.5.

Ukiendesha kwa relei au kidhibiti kidogo cha kielektroniki, weka dayodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukielekea upande chanya. Koili inapokatiwa umeme hurusha volti kubwa kinyume, na bila dayodi, volti hiyo ndiyo inayoua transista na kulamba midomo ya relei.

Hatua ya tano: ijaribu kabla ya kuizika

Pima koili kwa multimita. Ya wati 20 kwa volti 12 isomeke karibu omu 7, ya wati 5 karibu 30. Ikisoma sifuri imeungana ndani, isiposoma kabisa imekatika. Irudishe siku hiyohiyo.

Kisha ijaribu na maji yako. Kabla ya kuifunga, jaza ndoo ya lita 10 kutoka mwisho wa bomba lililo wazi na uhesabu sekunde. Funga vali, iwashe, jaza tena. Muda ukiongezeka kidogo, sawa. Ukiwa mara mbili au zaidi, vali hiyo si ya tangi lako, hata lebo iseme nini. Zima umeme, ngoja dakika tano, tazama mdomo wa bomba. Fanya jaribio hili tangi likiwa karibu tupu, maana presha ya maji ndiyo inayosaidia mpira kukaa, na vali hizi za sifuri zikivuja huvujia hapo.

Mbele ya vali weka chujio la wavu linaloweza kufunguliwa kwa mkono. Tangi la juu hukusanya matope chini, na chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya kiwambo, vali itadondoka daima. Vali iliyokuwa ikifunga vizuri na sasa haifungi, kwanza ifungue kichwa, osha kiwambo, pitisha maji safi kwenye lile tundu dogo, ndipo ufikirie kununua nyingine. Vali inayolia "tak!" bila kupitisha maji, tazama usawa wa tangi na chujio. Isiyolia kabisa, pima volti kwenye pini zake ikiwa imewashwa: zikiwa chini ya 10.8, tatizo liko kwenye waya au betri. Zikiwepo za kutosha, koili imekufa, na kwa vali nyingi za shaba koili huuzwa peke yake na hubadilishwa kwa kufungua nati moja bila kugusa bomba.